Sisimizi wa Kizingitini

Pale Gitting, kabla njia haijaanza kupanda kuelekea msitu wa mlima, kuna nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo akina mama huitaja wanapowafunda binti zao. Si kwa ukubwa wake, maana ina vyumba vitatu tu na bati lake limeshika kutu upande unaopigwa na mvua. Huitaja kwa ajili ya uwanja. "Fagia kama kwa Mama Felician," humwambia msichana aliyeacha majani kwenye pembe za ua, na msichana huyo hujua kwamba hapo hakuna ujanja, anarudia.

Mama Felician ni Letisia. Amezaliwa Tlawi, kwenye vilima vile ambako shamba la mtu linaanzia mlangoni na kuishia mtoni, akaolewa Gitting akiwa na miaka kumi na tisa. Alichokuja nacho kutoka kwao, mbali na mbuzi wawili na sufuria, ni maneno ya mama yake: mgeni akifika uwanjani kwako ameshakusoma wewe wote, hata hujafungua mlango. Basi kwa miaka arobaini na saba Letisia amekuwa akiamka kabla jua halijagusa kilele cha Hanang, anachukua ufagio wake wa vichaka, anainama, na kuanza kizingitini kwenda nje. Alifagia akiwa na mimba. Alifagia akiwa na homa. Aliacha kufagia mara mbili tu: walipomzika mtoto wao wa kwanza, na alipofariki mama mkwe. Maana huko kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anajua kwamba nyumba iliyofiwa haifagiwi. Ufagio unawekwa pembeni mpaka matanga yaondolewe.

Mume wake, Yoakimu, alikuwa mtu wa maksai. Alilima mashamba ya nusu ya kijiji, na sauti yake ya kuita ng'ombe ilisikika mpaka kanisani. Halafu kiharusi kikampata, mwaka wa pili sasa, akiwa anafunga nira. Upande wa kushoto ukafa wote, mkono na mguu, na ile sauti ikabaki ya kukokota, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto akitafuta mawe ya kukanyaga.

Letisia hakulia mbele yake. Alimwomba fundi atengeneze kiti chenye mikono mipana, akakiweka mlangoni, pale jua la asubuhi linapoingia. Kila siku saa mbili alimtoa Yoakimu kitandani, akambeba nusu na kumwongoza nusu, akamketisha. Njia ya kwenda shule, kanisani na mnadani yote inapita mbele ya uwanja ule. Watoto walipita, "Shikamoo babu." Akina mama wenye mizigo ya kabichi walipita. Wazee wenzake walisimama wakaegemea fimbo, wakamweleza nani ameuza dume lake na nani ameshtakiwa kwa mpaka. Yoakimu alijibu kila mtu. Ilimchukua muda, lakini watu walingoja. Kwa mtu aliyekuwa amezoea kuzunguka kijiji kizima, sasa kijiji ndicho kilichomzunguka, na Letisia aliona kwamba hicho ndicho kilichokuwa kinamfanya mume wake ameze chakula.

Sasa, mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, Letisia alikuja kumpa uji na kukuta mguu wake wa kushoto umekuwa mwekundu unaotembea.

Walikuwa sisimizi, wale wadogo wa rangi ya udongo ulioungua, ambao katikati yao wamo wengine wenye vichwa vikubwa kuliko miili. Walikuwa wametoka kwenye ufa chini ya kizingiti, wakapanda mguu wa kiti, wakaingia chini ya blanketi. Kisigino cha Yoakimu kilikuwa na kidonda kidogo cha kukaa sana, wakakifuata hicho. Walikuwa wanakula. Na Yoakimu alikuwa anamwangalia mkewe akitabasamu upande mmoja wa uso, maana alikuwa ametoka kusalimiana na mwalimu mkuu, na mguu ule haukumwambia kitu.

Rogathe, muuguzi wa zahanati, alisafisha kidonda kile kwa maji ya chumvi na dawa, akifanya kazi polepole. Alipomaliza alimwita Letisia nje. Alisema kidonda kimepanuka, na mguu usio na damu nzuri hauponi haraka. Halafu akasema lile ambalo Letisia alirudi nalo nyumbani kama jiwe kwenye kiatu: "Bibi, wakimrudia hawa, kitafika kwenye mfupa. Kikifika kwenye mfupa watamkata mguu hospitalini. Usimketishe tena mlangoni mpaka uhakikishe wameisha."

Kwa hiyo Yoakimu alihamishiwa chumba cha nyuma. Miguu ya kitanda ikasimamishwa ndani ya makopo yenye maji na sabuni, blanketi likakunjwa juu lisiguse sakafu, maana ncha ya blanketi ikigusa chini ni daraja. Sisimizi hawakumfikia huko. Lakini chumba cha nyuma kina dirisha moja, nalo linatazama banda la ng'ombe. Siku ya kwanza Yoakimu aliuliza ni nani amepita. Siku ya pili akauliza tena. Wiki ilipoisha hakuuliza. Aligeuza uso ukutani, na uji ukawa unarudi jikoni na utando juu.

Letisia alianza na maji ya moto, kwa sababu moto anao na maji anayo. Alfajiri, alipokwisha kuwasha moto wa chai, alichemsha sufuria kubwa, akaibeba kwa matambara mpaka kizingitini na kumimina kwenye ufa. Mvuke ulipanda, sisimizi wachache wakajikunja wakafa. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo. Lile ua la mlangoni, ambalo binti yake alilipanda, likanyauka likawa kama limechomwa. Siku ya nne sisimizi walikuwa wanatokea kwenye ufa mwingine, hatua mbili pembeni, karibu zaidi na ukuta.

Violeth, jirani yake wa ng'ambo ya njia, aliyeolewa kijijini hapo mwaka mmoja na yeye, nao wamekuwa wakichokozana tangu hapo, alisimama na debe lake kichwani akitazama. "Mama Felician, unawapikia chai? Ongeza basi na sukari."

Letisia alicheka kidogo kwa adabu, lakini neno lile lilimkaa. Kufagia kwake kote, sifa zake zote, na mlangoni kwake kuna wadudu wanaokula mtu. Aliamua kwamba shida hii haitatoka nje ya nyumba yake. Hilo ndilo kosa alilofanya, na lilikuja kumgharimu.

Mkubwa wa watoto wao walio hai, Felician, ni seremala Dongobesh. Alipoambiwa kwa simu alikuja siku ya pili na chupa ya dawa ya kumwagilia udongoni. Ni kijana mwema lakini hana subira, anapiga msumari kabla hujamaliza kumshikia ubao. Alikuta viota vitatu: kimoja nyuma ya ghala, kimoja kwenye njia ya choo, na kile cha kizingitini. Alianza na cha njia ya choo. Alivaa glavu, akachanganya dawa na maji kwenye ndoo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala hakukichokoa kile kiota kwanza. Alimimina polepole kuzunguka mdomo wa kiota na kisha katikati, mpaka udongo ukashiba ukaacha kunywa. Letisia alifungia kuku bandani mpaka pakauka kabisa. Kesho yake palikuwa kimya. Felician alichimbua kwa jembe na kukuta mashimo yamejaa maiti, na mayai meupe yametapakaa kama mchele.

"Umeona, mama? Sasa kizingitini."

Lakini Letisia alikuwa amesimama mlangoni akiangalia jinsi uwanja wake unavyoshuka. Hakuna aliyeijua miteremko ya pale kama yeye, aliyesukuma takataka juu yake miaka yote ile. Kutoka kizingitini maji huenda moja kwa moja kwenye mdomo wa kisima chao cha kukingia mvua, hatua sita tu. Maji ya kisima kile ndiyo ya kunywa. Akamwambia mwanawe asubiri. Felician alinuna, akasema baba anaisha kule ndani na wao wanajadili mteremko. Letisia alijua kwamba ilikuwa kweli. Jumatatu Felician alirudi kazini kwake, na yeye akapanda gari la Katesh.

Duka la pembejeo la Sauda liko mtaa wa nyuma ya soko, kati ya muuza nira na fundi cherehani. Sauda amelirithi kutoka kwa baba yake, mzee Shabani, pamoja na tabia yake ya kumwuliza mteja maswali mengi kabla ya kugusa rafu. Alimsalimia Letisia, "Shikamoo mama," akamvutia kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliposikia habari ya mguu alisema pole.

Halafu akauliza, yale maji ya moto alimimina saa ngapi. Alfajiri, alisema Letisia, ndipo moto unapowaka. Sauda akatikisa kichwa. Alieleza kwamba alfajiri ya Gitting udongo wa juu ni baridi kama bati, na sisimizi wanajua, wanashusha watoto wao na malkia wao chini kabisa. Jua likishaupasha udongo, saa nne hivi, wanawapandisha kuwaotesha joto. Maji ya moto yanaua yanapogusa, lakini kila yanaposhuka yanapoa. Ukimimina alfajiri, yakifika kwa malkia yamekuwa ya kuogea. Kile kiota cha nyuma ya ghala akijaribu saa nne, ndoo nzima kwa mara moja, na kurudia siku nyingine, huenda akakipata. Kwa maji peke yake, alisema, katika viota viwili unashukuru ukiua kimoja. Na awe mwangalifu, ndoo ya maji yanayochemka mikononi mwa mama wa umri wake ni hatari kuliko sisimizi.

"Cha mlangoni je?" aliuliza Letisia.

Sauda aliuliza kama sakafu ya nyumba ni ya sementi. Ni ya sementi, imepasuka. Basi, alisema, kiota hicho kiko chini ya nyumba. Mdomo tu ndio uko kizingitini. Maji hayafiki, na ile dawa ya kumwagilia haifiki vilevile. Itaua wa mlangoni, wengine watahamia ndani zaidi, pengine watokee chumba cha mgonjwa. Na kisima kikiwa pale chini, yeye dawa hiyo hamuuzii. Alisema hivyo huku chupa zenyewe zimejaa rafu nyuma yake.

"Hapo ni wao wenyewe wamfuate malkia, mama. Sisi hatumjui alipo, wao wanamjua."

Alimaanisha chambo. Ni punje ndogo zilizolowekwa mafuta na sumu dhaifu, dhaifu kwa makusudi. Sisimizi anayeokota asife njiani, afike nyumbani, agawe, wamlishe malkia na watoto. Kinachukua wiki mbili, pengine tatu. Lakini Sauda hakumuuzia siku ile. Alimwambia akajaribu kwanza kama sisimizi hao wanapenda mafuta au sukari, maana wakipenda sukari punje hizo watazipita kama mawe. Letisia alirudi Gitting, akaweka kizingitini jani lenye sukari na jani lenye kipande cha mafuta ya kondoo. Baada ya dakika ishirini sukari ilikuwa na watatu, na mafuta hayakuonekana kwa wingi wao. Akampigia Sauda simu. Pakiti ikaja na gari la jioni, na maelekezo yakaja kwa simu, na ndani ya maelekezo hayo mlikuwa na neno moja lililomfanya Letisia akae chini.

Asifagie.

Sauda alieleza kwa upole. Atawanye punje chache alasiri, udongo ukiwa mkavu, pembeni mwa njia zao na si kwenye mdomo wa kiota, na afunike kwa vigae vilivyoinuliwa kwa vijiwe. Kuku wafungiwe. Maji yasimwagike pale, dawa nyingine isinyunyizwe, hata mafuta ya taa, kwa sababu wakinusa kitu kigeni wataacha kuchukua. Siku ya nne aweke mpya, maana punje zikikaa zinachacha na sisimizi hawataki kilichochacha. Na uwanja wa mbele auache kabisa, wiki nzima. Ufagio unazoa punje na kufuta njia zao. Mlango wa mbele aufunge, watumie wa jikoni.

"Wiki nzima?" Letisia alirudia.

"Wiki nzima, mama. Nisamehe."

Siku ya kwanza alisimama kwenye mlango wa jikoni alfajiri na ufagio mkononi, kisha akaurudisha. Siku ya pili upepo wa mlima ulishusha majani ya miti ya migrivea, yakalala uwanjani. Siku ya tatu hayakuwa majani tu, kulikuwa na mfuko wa plastiki, na manyoya ya kuku, na kinyesi cha mbuzi wa watu aliyepita. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Kuku walikuwa kimya bandani. Moshi ulitoka kidogo tu upande wa nyuma. Letisia aliinama akachungulia chini ya vigae kila alasiri na kuona punje zikiondoka moja moja, zikibebwa na viumbe wadogo kuliko zenyewe, zikishuka kwenye ufa. Akawatazama kwa muda mrefu. Aliwachukia, lakini hakuweza kukosa kuona kwamba walikuwa wanapeleka chakula nyumbani, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Siku ya nne aliweka punje mpya. Kiota cha nyuma ya ghala alikuwa amekimiminia maji ya moto saa nne kamili, mara mbili, na kilionekana kimekufa. Siku ya tano Felician alifika kwa bodaboda, akiwa na mzigo mkubwa umefungwa kwa turubai, maana alileta mbao za kuziba dirisha bovu. Chini ya mbao kulikuwa na chupa mpya ya dawa, endapo mama yake angekuwa ameshindwa.

Watu walimwona akipita. Wakaona uwanja usiofagiwa.

Asubuhi ya siku ya sita, baada ya misa, Letisia alikuwa jikoni anakoroga uji aliposikia wimbo. Waliimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kumsindikiza marehemu, nao ulikuwa unakuja. Alitoka akizunguka nyumba na mwiko mkononi. Walikuwa wanawake wa jumuiya, wapatao ishirini, kila mmoja na mzigo wa kuni au kisado cha unga. Mbele yao alikuwa Patriki, katekista, kofia kifuani. Walisimama ukingoni mwa uwanja, hawakuukanyaga, kama inavyopasa. Violeth alikuwa tayari analia. Kanga yake ilikuwa imelowa shingoni.

Wimbo ulikatika mstari mmoja mmoja, wa mwisho akiwa bibi mmoja asiyesikia vizuri.

Patriki alianza kusema pole kwa msiba, akatazama mwiko, akanyamaza.

"Hajafa," alisema Letisia.

Hakuna aliyetikisika. Ikabidi aseme yote, pale pale, mbele ya watu ishirini na majani na kinyesi cha mbuzi. Alisema habari ya mguu, ya sisimizi, ya punje, na kwa nini hakumwambia mtu. Sauti yake ilikuwa kavu. Alipofika kwenye kosa lake hakulizunguka: alisema aliona aibu, na aibu yake imewatoa watu kanisani na kuni kichwani.

Violeth alitua mzigo wake. "Mimi na ile chai yangu," alisema, na hakumaliza. Alipita pembeni, akauchukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaanza kuinama ili amsaidie mwenzake kuondoa fedheha ile mbele ya watu. Letisia alimshika mkono.

"Usifagie, mwenzangu. Bado siku moja."

Felician alikuwa ametoka ndani. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kusikia baba yako akiimbiwa akiwa hai si jambo dogo. Alienda moja kwa moja kwenye mzigo wake, akatoa chupa, akavuta ndoo. Alisema imetosha, leo leo anamaliza, kisima watakisafisha, maji watanunua. Wengine walisema afadhali. Letisia alienda akasimama juu ya kizingiti, viatu vyake katikati ya vigae, sisimizi wakaanza kupanda miguu yake, naye hakuwapangusa.

"Mwanangu, ukimwaga hapo wataacha kula. Na walichokwisha kupeleka hakijatosha. Utamfungia baba yako ndani mpaka mvua za Novemba. Weka chini."

Felician alimtazama mama yake, akatazama miguu yake iliyokuwa inaumwa na sisimizi. Akaweka chini.

Ni wakati huo waliposikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Yoakimu alikuwa ameusikia wimbo wote. Alikuwa anaita, akikokota, na alichokuwa anasema ni jina la Patriki.

Waliingia kwa mlango wa jikoni, mmoja mmoja, kwa zamu, kwa kuwa chumba ni kidogo na makopo ya maji yako kila pembe. Kila mtu alimshika mkono ule mzima. Hawakujua waseme nini, kwa maana hakuna maneno yaliyotungwa kwa ajili ya mtu uliyekwenda kumzika ukamkuta ameketi. Yoakimu aliwaangalia wote, machozi yakimtoka jicho moja. Alihesabu polepole, kwa majina, akataja hata wale ambao waume zao aliwalimia zamani.

"Mmekuja wengi," alisema mwishoni. Kisha akaomba uji.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi saa mbili, mtu mmoja alizunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma kumweleza nani amepita. Unga na kuni walivileta kwa msiba na hawakukubali kurudi navyo. Violeth alikuja mara nyingi kuliko wote, na hakutania.

Wiki ilipokwisha Letisia alifagia. Wale wa kizingitini walikuwa wamepungua lakini walikuwapo, wachache, wanatembea bila mpangilio. Alingoja. Siku ya kumi na sita hakumwona hata mmoja. Hata hivyo hakuamini macho. Aliweka jani lenye mafuta ya kondoo pale pale kwenye ufa, akaketi kando yake tangu saa nne mpaka saa saba. Alifanya hivyo kesho yake, na keshokutwa yake. Siku ya tatu nzi peke yake ndiye aliyetua. Aliita Rogathe aje kuangalia kidonda. Rogathe alifungua bandeji, akabonyeza pembeni, akanusa, akasema nyama inajaa kutoka chini, na mfupa haujaguswa. Felician aliziba nyufa za sakafu na za kizingiti kwa sementi. Ile chupa aliirudisha Dongobesh ikiwa na muhuri wake.

Asubuhi iliyofuata Letisia na mwanawe walimtoa Yoakimu. Alikuwa amepungua, wakambeba bila taabu, na hilo lilimuuma Letisia kuliko uzito. Walimketisha mwanga wa jua ukiwa umeshashuka kutoka kilele cha mlima mpaka kwenye mashamba ya viazi. Letisia alipiga magoti, akakagua kila mguu wa kiti, akapitisha kiganja kwenye udongo kuzunguka, akanyanyua blanketi, akatazama kisigino. Palikuwa pakavu.

Watoto wa shule walikuwa wameshapita. Njia ilikuwa tupu, isipokuwa mtu mmoja mbali, mgeni, anayeswaga punda wawili. Yoakimu alimngoja. Ilichukua muda mrefu mpaka mtu yule alipofika mbele ya uwanja, akatoa kofia kwa mzee asiyemjua na kumwamkia. Yoakimu akakokota, akapata neno, akamjibu. Akamuuliza ametoka wapi na punda hao. Mgeni alisimama, akaeleza.

Jua lilipopanda mpaka kwenye bati, Letisia alitoka jikoni akifuta mikono. Alimuuliza mumewe kama sasa amrudishe ndani apumzike.

Yoakimu hakugeuza uso kutoka njiani.

"Bado," alisema.